Mchoro wa Sankey wa bajeti ya nyumbani: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Dada yangu na shemeji wanakaa Tabata, Dar es Salaam, na watoto watatu. Shemeji ameajiriwa, dada ana genge la mboga na matunda karibu na kituo cha daladala. Mwezi wa 9 waliniomba niwachoree pesa zao zinavyoingia na zinavyotoka, maana daftari la matumizi walikuwa nalo ila kila wakilisoma wanaishia kubishana. Nikawachorea mchoro wa Sankey: kushoto vyanzo vya pesa, katikati bajeti, kulia matumizi, na kila kiasi kinachorwa kama mkondo ambao upana wake unalingana na shilingi zilizopita humo.

Nimetumia SankeyMATIC, inayofunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Unaandika mstari mmoja kwa kila mkondo: pesa inakotoka, kiasi ndani ya mabano, inakokwenda. Rasimu ya kwanza ya dada ilikuwa hii:

```
Mshahara [729500] Bajeti
Genge [310000] Bajeti
Bajeti [412000] Chakula
Bajeti [150000] Kodi ya nyumba
Bajeti [96000] Nauli
Bajeti [120000] Shule
Bajeti [58000] Umeme na maji
Bajeti [47000] Gesi na mkaa
Bajeti [34000] Simu
Bajeti [50000] Wazazi
```

Majina yote hapo, kuanzia Mshahara hadi Wazazi, nitayaita vituo. Kanuni ni moja tu: kituo cha katikati lazima kitoe kiasi kilekile kilichoingia. Kanuni hiyo imetoka kwenye mashine. Mwaka 1898 Kapteni Sankey, ambaye mchoro umebeba jina lake, alichora joto linavyoingia kwenye injini ya mvuke, kiasi gani kinageuka kazi na kiasi gani kinapotea njiani. Joto halitoweki, na shilingi vilevile haitoweki. Kama kwenye mchoro imetoweka, kuna mstari umekosewa. Kwa hiyo mchoro ukija vibaya usianze kuhangaika na rangi wala kubadili programu. Rudi kwenye mistari.

Makosa ninayoyaeleza hapa hayakutokea siku moja. Mengine tuliyafanya mwezi huo wa 9, mengine yalijitokeza tulipochora miezi ya nyuma na ile iliyofuata.

Dalili: kituo cha Bajeti kina kipande kitupu upande wa kulia

Ukiitazama rasimu ya dada, ukuta wa Bajeti umejaa vizuri upande wa kushoto, lakini upande wa kulia chini kabisa kuna sehemu ambayo hakuna mkondo unaotoka. Programu huchora kituo kwa urefu wa jumla iliyo kubwa, iwe ya kuingia au ya kutoka, kisha upande wenye pungufu unabaki mtupu. Hapa zimeingia 1,039,500, zimetoka 967,000. Pengo ni 72,500, sawa na asilimia 7 hivi ya kituo chote. Kama ukuta una sentimita 10 kwenye skrini yako, pengo lina milimita 7, na ni rahisi kulipita macho ukidhani ni urembo. Usikadirie kwa macho. Jumlisha pande zote mbili kwa kikokotoo.

Chanzo cha kawaida ni matumizi ambayo hayakuandikwa kwa sababu mwenyewe hayaoni kama matumizi. Nilimuuliza dada: "Mchezo je?" Akacheka. Anacheza upatu wa watu 10, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, na yeye hahesabu kwa kuwa "hiyo itarudi." Ikabaki 22,500. Tukafungua meseji za miamala kwenye simu zao mbili, tukajumlisha makato ya kutuma na kutoa ya mwezi mzima: 9,500. Hakuna aliyewahi kuyaandika kwenye daftari, maana hayo hayana risiti wala mfuko wa kubebea. Ikabaki 13,000 ambayo hatukuipata popote.

Kwa hiyo tukaongeza:

```
Bajeti [50000] Mchango wa upatu
Bajeti [9500] Makato ya simu
Bajeti [*] Haijulikani
```

Nyota ndani ya mabano inaiambia SankeyMATIC ichukue chochote kilichobaki kwenye Bajeti. Ni kitu kitamu na ni hatari. Ukiiweka tangu mwanzo, pengo halitaonekana kamwe: usahau mstari wa ada, Haijulikani itavimba kwa 120,000 na mchoro utakaa sawa kabisa kana kwamba hakuna kilichosahaulika. Iweke mwisho, baada ya kutafuta.

Na tafadhali usikiite kituo hicho Akiba. Nimeona michoro mingi ambayo mabaki yote yanapelekwa Akiba, halafu mwenye bajeti hawezi kuonyesha hiyo akiba iko wapi. Pesa ni akiba kama unaweza kutaja iliko: benki, kwenye simu, kwa kikoba, chini ya godoro. Isipokuwa hivyo, haijulikani.

Dalili: kipande kitupu kiko upande wa kushoto

Hapa mambo yamegeuka: zimetoka nyingi kuliko zilizoingia. Tulipochora mwezi wa 7, shule zilipofunguliwa, matumizi yalifika 1,139,500 na mapato yaleyale 1,039,500. Hakuna mtu anayeweza kutumia 100,000 ambayo hana, hivyo kuna chanzo hakijaandikwa. Hivyo viko vitatu tu kwa kawaida: mkopo, akiba ya nyuma, au mtu amewasaidia. Kwao ulikuwa mkopo wa simu.

Mkopo unaandikwa kama chanzo, lakini uupe rangi yake ili jicho lisiuchanganye na kipato:

```
Mkopo [100000] Bajeti
:Mkopo #c0392b
```

Mstari unaoanza na nukta mbili hauchori mkondo. Unapaka rangi kituo. Mwezi wa 8 walipolipa 109,000, tuligawa mara mbili: 100,000 kwenda Kulipa mkopo na 9,000 kwenda Riba. Ile 100,000 ni matumizi ya mwezi wa 7 yanayolipwa kwa kuchelewa; gharama mpya ni 9,000 peke yake. Ukiziunganisha, ukaja kujumlisha michoro ya miezi hiyo miwili, ada ya shule utakuwa umeihesabu mara mbili bila kujua.

Dalili: pengo la kushoto ni kubwa, na hakuna aliyekopa

Hii ndiyo iliyotusumbua zaidi. Shemeji ni mtu wa meseji, dada ni mtu wa daftari. Nilipowaachia waongeze mistari wenyewe, shemeji akaandika kila alichotoa kwa wakala, jumla 300,000, akakiita Kutoa pesa. Dada naye tayari ameandika chakula na nauli zilizolipwa kwa pesa hizohizo. Mchoro ukaonyesha wametumia karibu laki tatu zaidi ya walizopata, na kila mmoja akamtazama mwenzake.

Namna ya kugundua: linganisha pengo na jumla ya pesa zilizotolewa kwa wakala au kwenye mashine ya benki. Zikikaribiana, umehesabu mara mbili. Kutoa pesa si matumizi. Umehamisha noti kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kilichotumika ni yale makato tu.

Dawa ya haraka ni kufuta mstari wa Kutoa pesa. Lakini kama unataka kujua noti zinaishia wapi, ifanye taslimu iwe kituo cha kati:

```
Bajeti [300000] Taslimu
Taslimu [260000] Chakula
Taslimu [40000] Nauli
Bajeti [152000] Chakula
Bajeti [56000] Nauli
```

Chakula bado ni 412,000 na nauli bado ni 96,000, ila sasa kila kimoja kina mikondo miwili inayokiingia. Ukitumia njia hii, mistari ya zamani ya chakula na nauli lazima ifutwe, la sivyo umerudi palepale. Mimi binafsi huiacha taslimu nje ya mchoro. Watu wakiona mkondo mnene umeandikwa Taslimu wanadhani ndilo jibu, wakati pesa bado iko safarini.

Dalili: familia inaonekana tajiri

Kabla ya kufikia ile rasimu ya kwanza, dada alikuwa ameandika genge 1,240,000. Bajeti yao ikasoma karibu milioni mbili kwa mwezi, na upande wa kulia mkondo wa Mzigo wa genge ukazidi chakula cha nyumbani mara mbili. Shemeji akauliza kwa nini basi wanakopa.

Ile 1,240,000 yalikuwa mauzo. Kwenye mauzo hayo, 870,000 zilirudi sokoni kununua mzigo mwingine, 60,000 zikaenda kwenye kubeba mzigo na ushuru wa meza. Zilizofika nyumbani ni 310,000. Genge lina bajeti yake, na lazima limalize mambo yake kabla pesa haijaingia ya nyumbani:

```
Mauzo ya genge [870000] Mzigo
Mauzo ya genge [60000] Gharama za genge
Mauzo ya genge [310000] Bajeti
```

Mambo ni yaleyale kwa mshahara. Shemeji alipotaka kuonyesha mshahara ghafi wa 900,000, aliupeleka wote kwenye Bajeti na pengo la kulia likaongezeka kwa 170,500. Karatasi ya mshahara ndiyo inajibu: NSSF anakatwa asilimia 10, yaani 90,000. Kodi inapigwa kwenye 810,000 iliyobaki. Kwa viwango vya Tanzania Bara alivyokatwa, mshahara unaofika 760,000 una kodi ya 68,000, na ile 50,000 ya juu yake inakatwa asilimia 25, ambayo ni 12,500. Jumla ya kodi 80,500. Mkononi inabaki 729,500, ileile iliyoingia kwenye akaunti.

```
Mshahara ghafi [90000] NSSF
Mshahara ghafi [80500] Kodi ya mshahara
Mshahara ghafi [729500] Bajeti
```

Kuna kitu mchoro hauwezi kukiona hata ukikaa sawa: mchicha, nyanya na ndizi ambazo dada anachukua gengeni kupeleka jikoni. Havijauzwa, havijanunuliwa, hakuna noti iliyopita. Tukikadiria vya 1,500 kwa siku, ni 45,000 kwa mwezi ya chakula isiyoonekana, na faida ya genge nayo inaonekana ndogo kwa kiasi hichohicho. Ukitaka ionekane, ihesabu kama genge limeiuzia familia: ongeza mkondo wa 45,000 kutoka Mauzo ya genge moja kwa moja hadi Chakula. Dada alikataa. Akasema akianza kuandika nyanya za nyumbani ataacha kuandika kila kitu. Nikaona ana haki, tukaiacha.

Dalili: mkondo unarudi nyuma, au mchoro unagoma kabisa

Mwezi wa 10 zamu ya upatu ilimfikia dada, kijumbe akamkabidhi 500,000. Akaandika kama mtu yeyote angeandika:

```
Bajeti [50000] Upatu
Upatu [500000] Bajeti
```

Umetengeneza duara. Bajeti inakwenda Upatu, Upatu unarudi Bajeti, na mchoro ambao unatakiwa kusoma kutoka kushoto kwenda kulia haujui Upatu ukae upande gani. Programu hazifanani hapa. Google Charts, kwa mfano, haichori kabisa data yenye duara. Nyingine huchora mkondo mnene unaokata mchoro kuelekea kushoto. Kama sehemu ya mchoro ilikuwa salama jana na leo imekuwa tupu, tafuta jina linalotokea pande zote mbili za mabano kwa namna inayojirudia.

Tiba ni majina mawili, kwa kuwa kweli ni mambo mawili:

```
Bajeti [50000] Mchango wa upatu
Zamu ya upatu [500000] Bajeti
```

Duara limekatika. Lakini usiondoke hapo haraka, kwani jina Zamu ya upatu linaficha jambo. Dada alikuwa wa tatu kwenye orodha. Hadi siku hiyo, pamoja na mchango wa mwezi huo, alikuwa ametoa 150,000. Kwenye laki tano aliyopokea, 150,000 ni pesa yake mwenyewe imerudi, na 350,000 ni deni: atalilipa kwa miezi saba iliyobaki, 50,000 kila mwezi. Angekuwa wa mwisho, zote 500,000 zingekuwa zake. Mkondo ni mnene vilevile, maana yake ni tofauti kabisa. Kwa hiyo nikaugawa:

```
Upatu akiba yangu [150000] Bajeti
Upatu deni [350000] Bajeti
```

na ile ya deni nikaipa rangi ileile nyekundu ya mkopo. Shemeji alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya friji. Alipoona wekundu ule aliuliza maswali mengine.

Duara hujificha pia mahali pengine. Mume anamtumia mke pesa ya matumizi, mke anamtumia mume nauli katikati ya mwezi: Baba kwenda Mama, Mama kwenda Baba. Kama bajeti ni moja, futa mistari yote miwili na upeleke vipato vyao kwenye Bajeti. Kama wanatenga pesa zao, andika tofauti tu ya mwisho wa mwezi, kwa upande mmoja.

Dalili: mkondo mmoja umemeza mchoro, mingine yote nyuzi

Mwenye nyumba wao anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 900,000. Ukichora mwezi wa malipo jinsi ulivyo, kodi inachukua karibu nusu ya mchoro na mikondo mingine yote inakonda. Na pengo la kushoto linatokea pia, kwa sababu pesa hiyo haikupatikana mwezi huo.

Wengine hugawa kwa sita na kuandika 150,000 kila mwezi, basi. Inatosha kama unataka picha ya mwezi wa kawaida, na ndivyo ilivyo kwenye rasimu ya kwanza. Ila haitamwambia mtu kama kweli ile 150,000 ilitengwa au ilikaa kwenye karatasi tu. Mimi naona ni bora kuuita mkondo wa kila mwezi Tengo la kodi, na mwezi wa malipo kuandika hivi:

```
Tengo la miezi mitano [750000] Kodi ya nyumba
Bajeti [150000] Kodi ya nyumba
```

Tengo linaanzia kushoto na halipiti kwenye Bajeti. Pesa hiyo ilishapita kwenye bajeti za miezi mitano ya nyuma. Ikipita tena umeifanya kipato cha mara ya pili. Na jina lake lisiwe lilelile la Tengo la kodi, kwa sababu mwezi ukijumuisha yote mawili kitakuwa kituo cha kati kinachotoa zaidi ya kilichoingia, na pengo litatokea hapo. Kama kwenye simu au benki tengo limekutwa na 520,000 badala ya 750,000, andika 520,000, na mstari wa Bajeti uwe 380,000, na utaona pengo la 230,000 upande wa kushoto wa Bajeti. Hilo pengo liache lionekane mpaka mpate jibu.

Kabla ya kuamini kwamba mkondo mmoja umemeza mchoro kwa haki, hakikisha namba zimeandikwa kwa mtindo mmoja. Ukiandika 412.000 kwa nukta, programu inasoma mia nne na kumi na mbili, na chakula kinageuka unywele. Ukiandika mstari mmoja kwa maelfu na mingine kwa shilingi kamili, ni hivyohivyo. Kwenye programu ya Mermaid, ambako vipande vya mstari vinatenganishwa kwa koma, kuandika 412,000 kunaongeza kipande ambacho hakitakiwi. Andika tarakimu tupu: 412000.

Dalili: kituo kimoja kimetokea mara mbili

Chakula kiko juu, halafu chakula kiko chini. Herufi kubwa na ndogo ni majina mawili. Umeme na maji si sawa na Umeme/maji. Kibodi ya simu hupenda kukuza herufi ya kwanza ya mstari tu, hivyo jina linaloanza mstari linakuwa kubwa na lilelile likija mwisho linabaki dogo. Nakili jina na kulibandika badala ya kuliandika upya, yamekwisha.

Dalili: mikondo ni mingi mno, haisomeki

Fanya hesabu kabla ya kuhangaika. Ukuta wa Bajeti kwenye mchoro wa kawaida una kama pikseli 400 za kugawana. Ukiwa na 1,039,500, pikseli moja ni kama shilingi 2,600. Mkondo wa 9,500 utapata pungufu ya pikseli nne, na vocha ya 2,000 haifiki hata moja. Vitu vya chini ya asilimia 2 ya jumla, kwao ni kama 20,000, viunganishwe na ndugu zao, isipokuwa kile ambacho unakitafuta kwa makusudi. Makato ya simu niliyaacha peke yake ingawa ni uzi, kwa kuwa ndiyo yaliyozua ubishi.

Kuunganisha ndugu kunamaanisha ndugu kweli. Kodi, umeme na maji, gesi na mkaa vinaingia chini ya Nyumba:

```
Bajeti [255000] Nyumba
Nyumba [150000] Tengo la kodi
Nyumba [58000] Umeme na maji
Nyumba [47000] Gesi na mkaa
```

Jumla ndogo lazima ikae, 150,000 na 58,000 na 47,000 ni 255,000. Ukiandika 250,000 utapata pengo dogo kwenye kituo cha Nyumba, na mapengo ya vituo vidogo hayaonekani kirahisi. Kituo cha Nyinginezo nacho kikishakuwa kikubwa kuliko nauli, kivunje tena, maana kimeacha kuwa cha mabaki.

Mikondo ikipishana kama tambi, burura vituo kwa kidole au kipanya, ukiweka kubwa juu na ndogo chini. Vilivyo karibu kushoto viwe karibu kulia. Hapo hakuna ufundi mwingine.

Mchoro wa mwezi wa 9 ulipokaa sawa, kulia kulikuwa na Chakula 412,000, Nyumba 255,000, Shule 120,000, Nauli 96,000, Wazazi 50,000, Mchango wa upatu 50,000, Simu 34,000, Makato ya simu 9,500 na Haijulikani 13,000. Jumla 1,039,500, hakuna ukuta mtupu pande zote mbili. Tukauchapisha stesheneri, dada akaubandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Shemeji alisimama mbele yake na kikombe cha chai, akapitisha kidole mkondo kwa mkondo mpaka ule wa chini kabisa, mwembamba, wa kijivu.

"Na hii elfu kumi na tatu?"

"Hiyo ndiyo tunakuuliza wewe, shemeji," nikamwambia.

Akanywa chai.